Mapitio ya Kazi Tangulizi ni Hoja, Si Orodha: Mfano wa Tafiti za Uzazi Kasulu na Kibondo

Achukuliwe, kwa mfano, muuguzi mkunga wa kituo cha afya kimoja wilayani Kibondo ambaye anajiendeleza chuoni na ametakiwa kuandika pendekezo la utafiti. Swali lake limetokana na kazi yake ya kila siku: kwa nini baadhi ya wanawake, hata waliohudhuria kliniki ya wajawazito mara zote, hujifungulia nyumbani au njiani? Swali ni zuri. Tatizo huanza anapofika kwenye sura ya mapitio ya kazi tangulizi, nayo sura hiyo, kama zilivyo nyingi za aina yake, huandikwa hivi:

“Thaddeus na Maine (1994) walieleza ucheleweshaji wa aina tatu. Mbaruku na Bergström (1995) walichunguza vifo vya uzazi Kigoma wakaona vilipungua. Kruk na wenzake (2009) waliwahoji wanawake wa Kasulu wakaona kwamba wanapenda wahudumu wenye heshima. Hakuna utafiti wa namna hii uliofanyika Kibondo. Kwa hiyo utafiti huu utafanyika Kibondo.”

Hakuna uongo katika muhtasari wa kazi hizo tatu. Hata hivyo, kipo kipimo chepesi kinachoonyesha kasoro yake. Sentensi tatu za mwanzo zikibadilishwa nafasi, ya tatu ikawa ya kwanza na ya kwanza ikawa ya mwisho, hakuna kinachoharibika. Kila kazi imesimama peke yake kama chupa kwenye rafu ya duka la dawa. Katika hoja jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa kila hatua hubeba ile inayoifuata, na ukiiondoa moja nyingine huanguka. Sentensi ya mwisho nayo inadai pengo ambalo halijatokana na chochote kilichotangulia. Kibondo imetajwa kwa sababu tu mwandishi anaishi Kibondo.

Kazi hizohizo tatu, pamoja na nyingine chache, zinaweza kupangwa upya ziwe hoja. Inafaa kuanza na ile ya mwaka 1994, kwa kuwa yenyewe ni mapitio ya kazi tangulizi. Sereen Thaddeus na Deborah Maine hawakwenda kijijini kumhoji mtu. Walisoma yaliyokwisha kuandikwa kuhusu vifo vya uzazi katika nchi zinazoendelea, wakauliza swali moja: ikiwa sehemu kubwa ya vifo hivyo inazuilika kwa matibabu ya wakati, wakati huo hupotelea wapi? Jibu lao likawa mfumo unaofundishwa leo katika vyuo vya ukunga: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika. Kama wangeandika muhtasari wa kila kazi mmojammoja, mfumo huo usingepatikana, kwa maana haukuwa ndani ya kazi yoyote kati ya zile walizosoma. Ulipatikana kwa kuziuliza zote swali lilelile.

Ndani ya mapitio hayo mna jambo la pili ambalo wengi wanaoyataja hawalifikii. Kichwa chake kinasema kwamba huduma iko mbali mno kwa miguu, na kwa hiyo yeye anayesoma kichwa tu hudhani kwamba umbali ndio jibu. Waandishi walisema zaidi ya hapo. Walikubali kwamba umbali na gharama ni vizuizi vikubwa, lakini wakaonyesha kwamba uhusiano wake na uamuzi wa mgonjwa si wa moja kwa moja, na kwamba mara nyingi watu huuweka ubora wa huduma mbele ya gharama. Mama anayejua kwamba akifika hatapata dawa wala lugha njema ana sababu ya kutoondoka nyumbani. Ucheleweshaji wa tatu, basi, huzaa ule wa kwanza. Hayo yalikuwa madai yaliyosubiri kupimwa.

Hatua ya pili inatoka Kigoma kwenyewe. Mwaka 1995 Godfrey Mbaruku na Staffan Bergström walitoa taarifa ya kazi iliyofanyika katika hospitali ya mkoa kuanzia mwaka 1984 hadi 1991. Mwanzoni, vifo vya uzazi hospitalini hapo vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000; mwishoni vilikuwa 186. Hatua zilizochukuliwa zilikuwa 22, na nyingi zilitegemea kile ambacho hospitali ilikuwa nacho tayari. Kwa msomaji wa orodha, habari imekwisha: vifo vilipungua. Mwenye kujenga hoja huuliza kazi hiyo imethibitisha nini na haikuweza kuthibitisha nini. Imethibitisha kwamba ucheleweshaji wa tatu unaweza kushughulikiwa hata katika mkoa wa pembezoni usio na fedha nyingi. Lakini hesabu yake ni ya waliofika hospitalini. Aliyefariki kijijini milimani bila kuifikia barabara hayumo, si katika 933 wala katika 186. Isitoshe, uwiano wa hospitali hutegemea nani wanakuja: wakiongezeka wenye uzazi usio na matatizo, uwiano hushuka hata kama wale mahututi wanafariki kwa kiwango kilekile. Hii si lawama kwa watafiti. Ni mpaka wa mbinu yoyote inayohesabia hospitalini, na katika mpaka huo ndipo swali linalofuata linapozaliwa: wasiofika, kwa nini hawafiki?

Hapo Kasulu inaingia, nayo inaingia kwa sababu hoja imeiita. Mwaka 2007 timu iliyowajumuisha Margaret Kruk, Mbaruku na wenzao ilizifikia kaya za wilaya ya Kasulu na kuwahoji wanawake wapatao 1,200 waliokuwa wamejifungua katika miaka mitano iliyotangulia. Katika sehemu moja ya kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2009, wanawake walionyeshwa vituo vya kubuni viwiliviwili vilivyotofautiana kwa sifa kama vile umbali, gharama, mwenendo wa mhudumu na kuwapo kwa dawa na vifaa, kisha wakaulizwa wangechagua kipi. Njia hii humlazimisha anayehojiwa kupima kitu kimoja dhidi ya kingine, kwa kuwa ukimwuliza mtu kama anataka kituo cha karibu, cha bei nafuu na chenye dawa atajibu ndiyo mara tatu. Sifa zilizokuwa na uzito mkubwa kuliko zote zilikuwa mbili: mhudumu mwenye heshima, na upatikanaji wa dawa na vifaa. Dai la mwaka 1994 lilikuwa limepimwa katika vilima vya Buha, na matokeo yaliliunga mkono.

Mwandishi wa mapitio hana budi kusita hapa na kuuliza jambo ambalo orodha hailiulizi kamwe: chaguo la kubuni ni sawa na chaguo la kweli? Mtu anaweza kusema atatembea mbali zaidi kwa ajili ya heshima, kisha usiku wa mvua akabaki nyumbani. Ushahidi wa matendo upo, nao unatoka wilaya hiyohiyo. Makala nyingine ya timu hiyo ilionyesha kwamba kati ya wanawake waliojifungulia kituoni, takriban wanne katika kila kumi walikipita kituo kilichokuwa karibu nao wakaenda cha mbali. Miguu yao ilisema kile walichosema kwa midomo. Lakini ipo pia makala ya mwaka 2008 ya watafiti hao kuhusu malipo. Hiyo ilionyesha kwamba akina mama waliendelea kutoa fedha mfukoni kwa uzazi ambao kisera ulikuwa bure. Fedha, kwa hiyo, haijatoka katika hoja. Mapitio mazuri huuacha mvutano huo uonekane: heshima na dawa huamua mama angependa kwenda wapi, na fedha huenda ikaamua kama ataondoka kabisa. Anayeficha makala ya malipo ili hoja yake ya heshima ing’ae zaidi amejenga juu ya mchanga, na msimamizi aliyezisoma zote mbili atalitambua hilo mara moja.

Kosa moja hutokea mara nyingi mahali hapa. Kutokana na usaili ule wa Kasulu wa mwaka 2007 zilitoka makala kadhaa: ya chaguo la kituo, ya kukipita kituo cha karibu, ya malipo, ya wakunga wa jadi, ya mahali pa kliniki ya wajawazito. Mwandishi wa orodha huziandika zote kisha hutangaza kwamba “tafiti tano zimeonyesha.” Ukweli ni kwamba utafiti ni mmoja wenye makala nyingi. Sampuli ni moja, mwaka ni mmoja, wilaya ni moja. Zikikubaliana, huo si ushuhuda wa mashahidi watano bali wa shahidi mmoja aliyeulizwa maswali matano. Dalili za kulitambua ni rahisi: majina ya waandishi yanajirudia, mwaka wa kukusanya taarifa ni uleule, na idadi ya waliohojiwa inakaribiana. Dalili hizo zimo katika sehemu ya mbinu, ambayo wengi huiruka ili wafike kwenye matokeo.

Kosa la pili linahusu kutafuta. Makala hizo zinazungumzia Kasulu, ila vichwa vyake vinataja Tanzania vijijini tu. Anayetafuta neno Kasulu katika vichwa vya makala peke yake atazikosa, kisha ataandika kwa ujasiri kwamba hakuna kilichofanyika. Kabla ya kutangaza pengo ni lazima kujua kama pengo liko katika maarifa au katika namna ya kutafuta. Katika hazina ya PubMed, utafutaji wa kuanzia unaweza kuwa hivi:

```
(Kigoma OR Kasulu OR Kibondo OR Kakonko OR Buhigwe
 OR "western Tanzania" OR "rural Tanzania")
AND (childbirth OR "facility delivery" OR maternal)
```

Utaleta mengi yasiyohusika, hasa kwa sababu ya maneno ya Tanzania vijijini, na uchambuzi wa mikono hauepukiki. Baada ya hapo hufuatwa majina ya waandishi na marejeo ya kila makala iliyopatikana. Kakonko na Buhigwe zimewekwa kwa sababu maalumu. Mwaka 2012 au karibu na hapo wilaya za mkoa ziligawanywa: Kakonko ikamegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu. Kwa hiyo “Kasulu” ya mwaka 2007 si Kasulu ya leo. Mwanamke wa Muyama au Munanila aliyehesabiwa Kasulu wakati ule leo ni wa Buhigwe. Asiyejua hili anaweza kulinganisha takwimu za miaka miwili akadhani wanawake wamebadilika, kumbe uliobadilika ni mpaka.

Sasa hoja imefika mahali ambapo pengo linaweza kuonekana, nalo haliko pale lilipokuwa katika rasimu ya kwanza. Baada ya mwaka 2007 mambo mengi yalibadilika Kigoma. Vituo vya afya kadhaa viliboreshwa vikaanza kufanya upasuaji wa uzazi. Jambo hili liliwezekana kwa sehemu kwa sababu kulikuwa na ushahidi, uliokusanywa Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009, kwamba matokeo ya upasuaji wa dharura uliofanywa na madaktari wasaidizi hayakuwa na tofauti ya maana na yale ya madaktari kamili. Tafiti za kaya za afya ya uzazi zilifanyika katika mkoa mwaka 2014, 2016 na 2018, na sehemu ya wanawake wanaojifungulia vituoni iliongezeka. Jaribio la kumruhusu mama awe na msindikizaji wakati wa uchungu, lililochapishwa mwaka 2021, liligusa moja kwa moja suala la heshima ambalo Kasulu ililiibua.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo halimo katika makala yoyote ikisomwa peke yake. Mwaka 2007 kujifungulia nyumbani Kasulu lilikuwa jambo la kawaida, lililowahusu wanawake wa kila namna. Walivyoongezeka wanaokwenda kituoni, wanaobaki nyumbani si mfano mdogo wa wale wa zamani. Waliokuwa wanazuiwa na ukosefu wa dawa au upasuaji huenda wamekwisha kuvuka. Waliobaki wanaweza kuwa wanazuiwa na kitu kingine kabisa: usiku bila bodaboda, fedha, uchungu uliokwenda kasi, watoto wasio na mtu wa kuwaangalia, au mhudumu mmoja wanayemkumbuka. Matokeo ya mwaka 2007 yalieleza mapendeleo ya wanawake wengi. Hayawezi kueleza sababu za wachache waliobaki, hata yawe sahihi kiasi gani kwa wakati wake. Hilo ndilo pengo. Lipo kwa sababu jibu la zamani limetumika, na katika kutumika kwake limewabadilisha watu wanaoulizwa.

Kibondo nayo sasa ina sababu ya kutajwa. Kambi ya Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, imo wilayani humo, kama Nyarugusu ilivyo Kasulu tangu mwaka 1996. Pale penye kambi pana huduma za afya zilizowekwa kwa ajili ya wakimbizi, na vijiji jirani huweza kuzitumia au kutozitumia. Kwa mwanakijiji wa Kibondo, “kituo cha karibu” na “kukipita kituo” ni maneno yanayoweza kuwa na maana nyingine. Hii ni sababu ya kisayansi ya kuichagua Kibondo, tofauti kabisa na kusema kwamba hakuna aliyewahi kufika. Hakuna aliyechunguza mambo mengi katika vijiji vingi. Kutokuwapo kwa utafiti peke yake hakumdai mtu kuufanya.

Aya ile ya mwanzo, ikiandikwa upya, inaweza kusomeka hivi:

“Kazi ya Kigoma ya mwaka 1984 hadi 1991 ilionyesha kwamba vifo vya uzazi hospitalini vinaweza kupunguzwa sana kwa rasilimali za mkoa, lakini iliwahesabu waliofika tu (Mbaruku na Bergström, 1995). Kuhusu wasiofika, Thaddeus na Maine (1994) walidai kwamba ubora wa huduma una uzito katika uamuzi wa kuondoka nyumbani. Usaili wa Kasulu wa mwaka 2007 uliunga mkono dai hilo kwa mapendeleo na kwa matendo, ingawa pia ulionyesha kwamba gharama ziliendelea kuwapo. Tangu wakati huo huduma zimeboreshwa na wanaojifungulia vituoni wameongezeka. Kwa hiyo haijulikani kama sababu za mwaka 2007 ndizo zinazowabakiza nyumbani wanawake wa leo, hasa Kibondo, ambako huduma za kambi zimebadilisha machaguo yaliyopo.”

Aya hii haiwezi kupanguliwa. Ikiondolewa sentensi ya pili, ya tatu haina inachokiunga mkono; ikiondolewa ya nne, ya tano haina msingi. Inaonekana pia kwamba kazi ya mwaka 1995 imetangulia ile ya 1994. Mpangilio wa miaka ni mpangilio wa rafu ya maktaba, na hoja haiufuati isipokuwa inapoufaa.

Muuguzi mkunga atagundua kwamba pengo lililoelezwa hivi limemwamulia hata mbinu. Rasimu yake ya kwanza ilipanga kuwahoji wajawazito wanaohudhuria kliniki, kwa kuwa ndio wanaopatikana kwa urahisi. Lakini swali sasa ni la waliojifungulia nyumbani karibuni, na baadhi yao hawatapatikana kliniki kabisa. Itabidi awatafute kupitia chanjo za watoto, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji, na awaulize kuhusu usiku ule wenyewe: uchungu ulianza saa ngapi, nani aliamua, nani aliitwa, fedha ilikuwa wapi. Kwa wanawake hao wenyewe tofauti ni kubwa. Mama wa Kibondo anayeombwa ridhaa ya kuhojiwa ana haki ya kuuliza kama swali hili halijajibiwa tayari na wenzake wa Kasulu, na jibu analostahili linapaswa kuwa limeandikwa katika sura ya mapitio kabla mtafiti hajabisha hodi.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, nalo husahauliwa. Pendekezo hupitia chuoni, kamati ya maadili na halmashauri, na miezi mingi inaweza kupita kati ya kuandikwa kwa mapitio na kuanza kwa usaili. Tarehe ya utafutaji iandikwe ndani ya sura yenyewe, na utafutaji urudiwe kabla ya kwenda vijijini. Ikitokea makala mpya imekwisha kuwauliza wanawake wa Kakonko au Buhigwe swali hilohilo, hoja haifi, ila hatua yake ya mwisho husogea: swali linakuwa kama majibu ya huko yanasimama pia katika vijiji vinavyopakana na kambi, na dodoso hubadilishwa kabla halijachapishwa.